Nna 15,000 tu na Zoom mara tatu kwa wiki, nichukue simu gani?

Shikamoo Ami Fundi,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nakaa Maweni hapa Malindi kwa shangazi yangu na chuo kiko Kilifi, kwa hivyo naondoka saa kumi na mbili asubuhi narudi magharibi. Simu yangu ya zamani imekufa kabisa. Nimeweka 15,000 za kupaka hina maharusini, ndo hizo tu sina za kuongeza. Nataka simu ya kuandikia notsi na kusoma PDF za lekchara, alafu jioni tuna madarasa ya Zoom mara tatu kwa wiki, na mama yuko Lamu, kila Ijumaa lazima anione kwa vidio la sivyo halali. Kuchaji chuoni ni vita, soketi moja watu kumi.

Dukani nimeonyeshwa tatu. Kuna Samsung Galaxy S9 mtumba wa Uingereza 14,000, mashallah nzuri, kioo chang'aa. Kuna mpya imeandikwa 8GB RAM kwenye boksi na betri 5000 mAh, hiyo ni 11,500. Na ya tatu ni ya kulipa pole pole, natoa 3,500 alafu 70 kila siku mwaka mzima. Rafiki zangu wote wasema S9. Nichukue gani?

Mwanafunzi, Maweni

Marahaba mwanangu. Katika hizo tatu usichukue hata moja, na usivunjike moyo manake hizo pesa zako zatosha kupata simu ya kukufaa, ila si hizo ulizoonyeshwa.

Tuanze na hiyo S9 kwa sababu najua ndo iliyokuingia moyoni, na sikulaumu, ilipotoka ilikuwa simu ya watu wakubwa. Kioo chake mpaka leo kizuri kushinda cha simu yoyote mpya ya bei yako. Lakini ilitoka 2018, na betri yake ikiwa mpya kabisa ilikuwa 3000 mAh. Hizi betri za lithiamu zachoka kwa kutumiwa, ukishaijaza na kuimaliza mara mia tano hivi huwa imebaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake, na simu ya 2018 iliyokuwa mkononi mwa mtu Uingereza miaka na miaka imeshapita hapo zamani. Tuifanyie huruma tuseme imebaki hiyo 80. Basi mkononi utakuwa na 2400 mAh, hata kama simu yenyewe itakuandikia 100% pale juu, manake ile 100% ni ya kilichobaki, si ya kilichokuwako siku ilipotoka kiwandani.

Sasa tuihesabu siku yako. Binti ya dadangu anasoma Mombasa na ana simu mpya ya betri 5000 mAh, na alipokuja likizo nilikaa naye na kipande cha boksi na kalamu nikawa naandika asilimia zinavyoshuka, kwa sababu kila siku naulizwa suala hili na nilitaka kujua kwa macho yangu sio kwa kuambiwa. Saa moja ya Zoom, kamera imewashwa, mwangaza wa kioo nusu, bando la laini sio waifai, ilikula 14. Saa moja ya kusoma PDF ilikula 6. WhatsApp na muziki kwenye iafoni, kama vile ukiwa kwenye matatu, 7 kwa saa. Ikilala tu mfukoni na data imewashwa, kama 1 kwa saa. Hiyo ni simu yake na mtandao wa pale, yako itatofautiana kidogo, lakini yakupa picha.

Wewe waondoka alfajiri. Matatu kwenda na kurudi tuseme masaa mawili, ni 14. Kusoma masaa matatu kwa siku nzima, 18. Mfukoni masaa saba, 7. Ukifika nyumbani magharibi umeshatumia 39, alafu Zoom ya saa moja na nusu ni 21. Jumla 60. Yaani kwa simu ya 5000 waingia kulala na 40 mkononi na hujaigusa chaja, na stima ikikatika usiku huo hushtuki.

Chukua siku hiyo hiyo uipe S9. Kwenye betri ya 5000 kila asilimia moja ni 50 mAh, kwa hivyo mpaka magharibi ulishatumia 1950. Kwako una 2400. Waingia darasani na 450 peke yake, na Zoom inakula 700 kwa saa, basi hata ukiisubiri imalizike yote ni dakika thelathini na nane hivi. Kioo cha S9 ni kidogo kuliko hizi za sasa kwa hivyo pengine ingekula pungufu kidogo, lakini si ya kukufikisha mwisho wa darasa. Na mimi nakwambia hata hizo thelathini na nane huzipati. Betri iliyochoka haipungui ujazo peke yake, pia inashindwa kutoa umeme mwingi kwa mpigo. Ukiwa wasoma PDF yaenda taratibu tu, ila ukifungua kamera na mtandao na spika vyote pamoja, umeme unaotakiwa unaruka juu, volti zinaanguka, na simu inajizima ikiwa inaonyesha 13% au 15%. Watu huniletea wakasema fundi simu hii imeharibika yazima yenyewe, mie naichomeka chaja inawaka hapo hapo na bado ina asilimia kumi na kitu. Haina ubovu mwengine, ni betri.

Utaniuliza kwani haibadilishwi betri? Yabadilishwa, nafanya kazi hiyo. Lakini S9 mgongo wake ni wa kioo umegandishwa na gundi, wafunguliwa kwa moto, na ukishafunguka ile kinga yake ya maji huwezi kuitegemea tena. Na betri nyingi zinazouzwa mpya za simu hizi za zamani zina maandishi mazuri tu kwa nje, ukizipima hazifiki walichoandika. Utakuwa umeshalipa 14,000 alafu uanze kutafuta betri ya kubahatisha. Kisha updeti za Android za kampuni kwa S9 ziliishia Android 10, na apu zikiendelea kukua siku moja moja zaanza kukataa. Kwa msichana ambaye simu ndo darasa lake, hiyo hapana.

Hebu twende kwa hiyo ya 11,500 iliyoandikwa 8GB. Hapa ndo nataka usome kwa makini kwa sababu wanafunzi wengi wanapigwa hapa, na aliyewauzia pengine wala hakudanganya. Ukirudi dukani lichukue lile boksi uligeuze, utafute maandishi madogo chini ya hiyo 8GB. Utaona kama 4+4, au 3+5. Namba ya kwanza ndo RAM yenyewe, chipu iliyo ndani ya simu. Ya pili ni nafasi iliyokopwa kwenye memori ya kuwekea picha ikafanywa kama RAM, wengine waiita Memory Fusion, Samsung waiita RAM Plus. Memori hiyo ya kukopa ina mwendo wa pole sana ukiilinganisha na RAM ya kweli. Inasaidia simu isizifunge apu ulizoziacha nyuma, basi. Haiwezi kuifanya simu ya 3GB ikawa simu ya 8GB.

Na kwa bei hiyo nna wasiwasi ni 3+5. Kama ni hivyo, nenda kwenye Settings alafu About phone, kwenye jina la Android huenda ukaona imeandikwa Go edition. Hiyo ni Android iliyopunguzwa kwa ajili ya simu za RAM ndogo. Kwa bibi anayepiga simu na kutazama WhatsApp ni nzuri kabisa, nyepesi. Kwako wewe ina kasoro moja kubwa ambayo muuzaji hatakwambia kwa sababu hajawahi kukaa darasa la Zoom. Wewe utataka kuandika notsi huku lekchara anaongea. Kwenye simu ya kawaida ukitoka Zoom kwenda kuandika, darasa linajikunja likawa kidirisha kidogo pembeni, au waigawa skrini, darasa juu na notsi chini. Simu za Go mara nyingi hazina hayo, na hata zikiwa nayo RAM haitoshi, ukigeukia notsi darasa linakatika alafu ukirudi waingia upya wasubiri ufunguliwe mlango. Umekosa dakika tano kila mara.

Hii waweza kuijaribu hapo dukani. Omba ile ya kuonyesha wateja, weka laini yako, mpigie rafiki yako vidio ya WhatsApp, alafu bonyeza kitufe cha kutoka uende kwenye kuandika meseji. Akibaki kwenye kidirisha na sauti haikatiki na kibodi haigandi, simu ina RAM ya kukufaa. Kibodi ikichelewa, yaani wagusa herufi na yatokea baadae, rudisha.

Alafu kuna jambo la prosesa, yaani ubongo wa simu, ntalisema kwa ufupi. Betri mbili zote zimeandikwa 5000 lakini simu moja yafika usiku na nyingine yazima alasiri, na mara nyingi tofauti ni hiyo. Kwenye simu za bei ya chini kabisa bado utakuta prosesa kama Unisoc SC9863A, imetengenezwa kwa vipimo vya 28nm, na hizo nm zikiwa kubwa ndo kazi ile ile inakula umeme zaidi na simu inapata moto. Ukiona MediaTek Helio G85 au Unisoc T606, hizo ni 12nm na zina nguvu ya kubeba Zoom bila kuhema. Jina hilo mara nyingi haliko kwenye boksi, kwa hivyo chukua jina la simu na herufi zake zote uliandike Google ukiwa nje ya duka kabla hujatoa shilingi. Herufi zote nakwambia, manake majina haya yafanana, A05 na A05s ni simu mbili tofauti na prosesa tofauti.

Ya kulipa pole pole fanya hesabu hii tu: 70 mara siku 365 ni 25,550, ongeza 3,500 za kuanzia, jumla 29,050. Waulize hiyo simu taslimu ni ngapi. Lakini hata ningeisamehe bei, simu hizo zafungwa ukikosa malipo, na wewe pesa yako ni ya hina, ikija Ramadhani hakuna harusi, waamka siku ya mtihani wa mtandaoni na kioo kinakwambia lipa kwanza.

Sasa utafute nini. Mpya, RAM ya kweli 4GB bila kuhesabu ile ya kukopa, memori 128GB, betri 5000 mAh, prosesa mojawapo ya hizo mbili au zaidi, na kioo cha HD+ cha kawaida kinakutosha, hicho cha Full HD ni kizuri ila kina nukta nyingi zaidi za kuendesha na hela zake. Kwa mfano Redmi 13C ya 4GB na 128GB ina hayo yote, Helio G85, 5000 mAh, tundu la iafoni na tundu la chaja la Taipu-C. Samsung Galaxy A05 pia ni G85 na 5000 mAh, ila angalia isiwe ile ya 64GB. Zote mbili zilitoka 2023 kwa hivyo dukani bei yake yaongeleka. Ukikuta Tecno au Infinix au Itel yenye vipimo hivyo hivyo chukua bila wasiwasi, mie sibagui jina nasoma vipimo. Jitahidi usivuke 13,500 kwa simu yenyewe, hiyo 1,500 inayobaki ina kazi ntakwambia.

Kwa nini 128 na sio 64? Kwa sababu simu ikiwashwa tu mara ya kwanza Android na apu zake zimeshakaa kwenye sehemu kubwa, alafu magrupu ya WhatsApp ya darasa, na watu mia moja kila mmoja atuma PDF na vidio, muhula mmoja imejaa. Na memori ikikaribia kujaa simu yote inakuwa nzito, sio kuhifadhi tu.

Tundu la iafoni watu hulidharau siku hizi. Iafoni za waya hazichajiwi, hazikatiki katikati ya darasa, na ile maiki yake iko karibu na mdomo kwa hivyo ukiuliza swali huku shangazi anakaanga na redio inalia, lekchara atakuskia wewe. Za bluutuuthi za bei rahisi nyingi maiki zake ni mbovu.

Kamera usihesabu megapikseli. Wewe wataka kamera ya kupiga ubao na kurasa za vitabu vya maktaba, basi chukua risiti yoyote pale kaunta yenye maandishi madogo, sogeza kamera ya nyuma mpaka karibu sentimita kumi na gusa kioo katikati. Picha ikitetemeka kidogo alafu ikakaa sawa ukasoma maandishi, kamera inajifokasi yenyewe. Ikibaki na ukungu vyovyote unavyogusa, hiyo ni fokasi ya kudumu, itakupigia nyuso na mandhari vizuri lakini ukurasa wa kitabu hapana. Hii ni sekunde thelathini na yaokoa mengi, nimeona msichana amepiga kurasa arubaini za kitabu kimoja akafika nyumbani hasomi hata moja. Na ukipiga usitumie kamera ya kawaida, tumia apu ya Google Drive, bonyeza alama ya kujumlisha alafu Scan, itaunyoosha ukurasa na kuutoa PDF nyepesi. PDF za kusoma ukiwa kwenye matatu zibonyeze Make available offline kabla hujatoka nyumbani, manake simu ikiwa yatafuta mtandao dhaifu njiani inapaza nguvu ya kutuma na betri inaliwa bure, na ukifika chuoni ulishapoteza bila kufanya kitu.

Hiyo ndo sababu pia ile Zoom ya jioni chagua pahala pa kukaa. Ikiwa chumbani mwako mtandao ni vijiti viwili na barazani ni vinne, kaa barazani. Simu ya vijiti viwili yapata moto na yakula zaidi kwa darasa lile lile. Na kamera yako izime lekchara akishawaona, iwashe ukiongea. Vidio kamili kwa saa yaweza kula nusu GB na zaidi, sauti peke yake ni chini ya 100MB, kwa hivyo hapo waokoa betri na bando kwa pamoja. Mama wa Lamu yeye mwache akuone vizuri, hiyo ni Ijumaa tu.

Ile 1,500 iliyobaki: iafoni za waya, kava, na kama yatosha powabenki ya 10,000 mAh. Ila powabenki usidhani 10,000 ni mara mbili ya 5000. Umeme unapotea kwenye kubadilisha volti, itakujazia simu mara moja na kidogo tu, na hiyo ndo ya kweli. Ukiona ya 20,000 nyepesi kama kipande cha sabuni na bei ya 10,000 usiinunue, betri za kweli zina uzito. Kwa hesabu ya siku yako huihitaji kila siku, ni ya ile siku stima imekatika usiku uliopita na umeondoka na 40.

Tena uulize chaja, kwenye boksi la A05 haimo, na ukiinunua ya barabarani isiyo na jina itachukua usiku mzima. Simu ya 5000 kwa chaja ya wati 10 ni kama masaa matatu, na ile ya wati 18 au 25 yapunguza, lakini lazima simu yenyewe iwe inakubali. Na usiiweke chini ya mto ikichaji, huu joto letu la Malindi kwa Januari na Februari peke yake laitosha, betri inayoshinda ya moto inachoka mapema na utarudi kuwa kama huyo wa S9. Lile tundu la Taipu-C nalo, hewa yetu ya chumvi inaweka kutu ya kijani ndani, sijui nimesafisha ngapi mwaka huu. Ikiwa ina unyevu iache ikauke, usipulize kwa mdomo waongeza maji, na vumbi toa kwa kijiti cha meno cha mbao sio sindano.

Siku ya kununua nenda asubuhi si jioni duka limejaa. Boksi lifunguliwe mbele yako. Piga *#06# zitokee namba za IMEI, uzilinganishe na zile za kwenye stika ya boksi moja moja mpaka mwisho, zikitofautiana hata tarakimu moja acha hapo hapo. Nenda About phone uangalie RAM, kama wameandika 4GB+4GB wewe hesabu nne. Mpigie rafiki ile vidio ya kidirisha. Piga ile risiti kwa kamera. Chomeka iafoni uskie pande zote mbili. Alafu risiti yako waandike jina la simu kamili, IMEI, tarehe na waranti ni miezi mingapi, manake bila IMEI kwenye risiti waranti yako ni maneno matupu, watakwambia simu hii si yetu.

Ukifika nyumbani ijaze mpaka mwisho, itumie ikashuka mpaka 80, kisha mpigie mama vidio ya nusu saa uandike imeshuka ngapi. Usianzie 100 kwa sababu namba hukaa pale juu kwa muda ikakudanganya. Nusu saa ikila 6 mpaka 9 simu yako iko sawa. Ikila 15, na mtandao ni mzuri na mwangaza ni nusu, irudishe wiki hiyo hiyo na risiti yako mkononi. Na ukipata yenye vipimo hivyo ukaona bei yake haikuingii akilini, niandikie jina lake na herufi zake zote kabla hujalipa.